Umechomwa na sindano yenye damu maabara: mwongozo kamili wa huduma ya kwanza na kutoa taarifa

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa uzamili, mtafiti au fundi wa maabara ya chuo kikuu anayeshughulika na damu ya binadamu: nzima, seramu au plazima. Umeandikwa kwa sababu kosa lilelile linajirudia. Mtu anajichoma, ananawa, anamwandikia msimamizi wake barua pepe, kisha anakaa kusubiri majibu. Msimamizi anaisoma kesho yake mchana. Kufikia hapo sampuli imeshatupwa, saa zenye thamani kubwa zimepita, na hakuna anayekumbuka sindano ilikuwa ya aina gani.

Ajali hii ina saa mbili zinazotembea kwa pamoja. Moja ni ya matibabu, na huhesabiwa kwa dakika na saa. Nyingine ni ya karatasi, na huhesabiwa kwa siku. Wengi huanza na ya pili. Hapa tutaanza na ya kwanza.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho. Mwanafunzi wa uzamili anahamisha damu kutoka kwenye bomba la sindano kwenda kwenye chupa ya sampuli. Ni Ijumaa jioni, msimamizi yuko safarini. Chupa inateleza, sindano inapenya glavu na kuingia kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Damu inatoka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ajali haijatokea

Vingi kati ya hivi havinunuliwi, vinaandikwa tu na kubandikwa ukutani.

- Sinki lenye maji yanayotiririka na sabuni ya kawaida, lisilozibwa na vyombo vichafu.
- Bomba au chupa ya kuoshea macho, iliyojaribiwa karibuni na kuonekana inatoa maji safi.
- Kisanduku cha usalama cha kutupia sindano, kilicho karibu na meza na kisichojaa kupita alama yake.
- Dawa ya klorini, karatasi za kufyonza, na glavu za akiba.
- Karatasi yenye namba za simu: kliniki ya chuo au kitengo cha afya kazini, hospitali inayotoa dawa za kinga usiku na mwisho wa wiki, afisa wa usalama wa kibayolojia, msimamizi wa maabara, na mtafiti mkuu wa mradi.
- Fomu tupu ya taarifa ya ajali, iliyochapishwa. Fomu iliyo kwenye kompyuta ya mtu aliyeko likizo haisaidii kitu.
- Kadi yako ya chanjo ya homa ya ini B, pamoja na jibu la kipimo cha kinga kilichofanywa baada ya kumaliza chanjo.

Hiyo kadi ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote. Ukifika kliniki huku unajua umekamilisha chanjo na kinga yako ilipimwa ikafikia miliuniti 10 kwa kila mililita ya damu, yaani kiwango kinachoandikwa `10 mIU/mL`, swali zima la homa ya ini B linaisha kwa sentensi moja. Bila kadi, linaanza upya. Ipige picha leo uihifadhi kwenye simu.

Jambo jingine la kuuliza mapema: je, wewe mwanafunzi unahesabiwa kama mfanyakazi? Kwenye vyuo vingi kitengo cha afya kazini kinawahudumia wenye mikataba ya ajira tu, na mwanafunzi huelekezwa kwenye kliniki ya wanafunzi. Usije ukaligundua hilo mlangoni huku kidole kinavuja damu.

## Hatua ya 1: Acha kazi na uoshe

Weka chini ulichoshika, mahali ambapo hakitamchoma mwingine. Usiirudishie sindano kifuniko chake. Vua glavu, nenda kwenye sinki, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Dakika chache za kuosha vizuri zinatosha. Miongozo mingi ya vyuo hutaja dakika 15 kwa ajali zote, na kama chuo chako kimeandika hivyo, fuata.

Acha damu itoke yenyewe. Usikikamue kidole na usikinyonye. Kukamua hakujaonyeshwa kupunguza hatari, na kunaumiza nyama ambayo tayari imejeruhiwa.

Onyo: usimwagie jeraha dawa ya klorini. Ni ya kusafishia meza. Kwenye ngozi iliyochanika inaunguza, na jeraha lililoungua halina kinga bora kuliko lililooshwa kwa sabuni.

Kama damu imeruka machoni, anza kumwagia maji hapohapo, kope zikiwa zimeshikwa wazi, kwa dakika 15. Mtu mwingine aangalie saa, kwa sababu anayeoshwa huona dakika tatu kama kumi na tano. Kama unavaa lenzi za macho, usiache kuosha ili uzitafute. Zitoe macho yakishaanza kusafika. Ikiingia mdomoni, tema, sukutua kwa maji, tema tena, rudia mara kadhaa bila kumeza.

Damu iliyodondokea ngozi nzima isiyo na mkwaruzo wala upele ni jambo dogo. Osha, iandike kwenye daftari la matukio, endelea na kazi. Nalitaja kwa sababu wapo wanaoikimbilia hospitali kwa tone lililotua juu ya kiwiko kizima, kisha wiki inayofuata wakajichoma kweli na kuona aibu kurudi.

Utajua umefanya sawa jeraha likiwa safi, limefunikwa kwa plasta au shashi, na umeshakumbuka saa ajali ilipotokea. Ukiwa bado kwenye sinki, mwombe aliye karibu aiandike.

## Hatua ya 2: Mwite mtu wa pili, umkabidhi vitu viwili

Usishughulikie peke yako. Aliyejichoma hutetemeka, husahau, na mara nyingi hutaka kwanza amalizie kazi ili "sampuli zisiharibike". Mwite yeyote aliye karibu kwa sauti. Mtu huyo ana kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kulinda sampuli. Damu iliyokuwa kwenye bomba hilo ndiyo itakayomwambia daktari kama kuna hatari au hakuna. Asiitupe. Aifunge chupa, aandike namba yake ya utambulisho kama ilivyo kwenye lebo, aandike "AJALI – ISITUPWE", aiweke kwenye mfuko wa pili usiovuja, kisha kwenye friji. Friji ya kawaida ya nyuzi 2 hadi 8 inafaa kwa saa hizi za mwanzo. Asiikimbize kwenye friza: damu nzima ikiganda chembe zake nyekundu hupasuka, na ikiyeyuka vipimo vingi vya haraka haviipokei tena.

Kwenye mfano wetu, lebo inasomeka M-0417. Namba hiyo itaonekana tena katika kila hatua. Ikikosewa tarakimu moja, daktari atasoma majibu ya mtu mwingine.

Sindano yenyewe haihifadhiwi kwa ajili ya kupimwa. Hakuna maabara ya hospitali inayopima sindano, na kuibeba ni kumtafutia mtu wa tatu ajali. Msaidizi aiangalie bila kuishika, aandike ukubwa wake, aandike kama ilikuwa na tundu na kama kulikuwa na damu inayoonekana, kisha iingie kwenye kisanduku cha usalama.

Kazi ya pili ni kufunga eneo. Kama damu imemwagika, msaidizi avae glavu mpya na miwani, atandaze karatasi za kufyonza, amwagie klorini yenye nguvu ya asilimia 0.5, na aiache ikae angalau dakika 10 kabla ya kufuta. Klorini ya dukani yenye asilimia 5 huchanganywa sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji ili kufikia nguvu hiyo. Mchanganyiko uwe wa siku hiyohiyo. Wa wiki iliyopita umeshapoteza nguvu. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kudumu angalau siku 7 kwenye damu iliyokauka juu ya meza, kwa hiyo doa dogo lisiachwe hadi Jumatatu.

Kama kilichotokea ni chupa kupasuka ndani ya mashine ya kuzungusha sampuli, usifungue kifuniko. Izime, toka, funga mlango, bandika tangazo, na subiri angalau dakika 30 ili matone madogo yaliyoko hewani yatue. Kuna miongozo inayotaka muda mrefu zaidi, kutegemea kimelea na hewa ya chumba. Ajali ya namna hiyo inaripotiwa hata kama hakuna aliyejikata.

## Hatua ya 3: Simu ya kwanza ni kwa mtu wa matibabu

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Simu ya kwanza haiendi kwa msimamizi wako, wala kwa mtafiti mkuu, wala kwa mkuu wa idara. Inaenda kwa anayeweza kukupa dawa. Huhitaji ruhusa ya msimamizi kutibiwa, na chuo kinachoidai kabla ya matibabu kimeandika utaratibu wake vibaya.

Sababu ni saa. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI, zile ambazo kliniki huziita PEP, hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa chache, na hazianzishwi zikishapita saa 72. Saa 72 ni mwisho wa mlango. Anayesema "bado nina siku tatu" ameshaanza kuipoteza nafasi yake.

Kwenye simu sema sentensi hizi, kwa mpangilio huu:

"Nimechomwa na sindano yenye damu ya binadamu maabara, saa 16:40 leo. Sampuli tunayo na namba yake ipo. Sijui hali ya VVU ya mwenye damu. Nimechanjwa homa ya ini B. Je, mna dawa za PEP sasa hivi, au niende wapi?"

Swali la mwisho ndilo muhimu. Kliniki nyingi za vyuo hufungwa jioni, au zina daktari lakini duka la dawa limefungwa. Mwanafunzi wetu anapiga saa 16:55, anaambiwa kliniki inafunga saa 17:00 na dawa haziko. Anaelekezwa hospitalini, kitengo cha dharura. Amepoteza dakika mbili. Angekwenda kwa miguu bila kupiga simu, angepoteza saa nzima.

Angalia pia jinsi saa ilivyoandikwa. Tunapozungumza tunasema saa kumi na dakika arobaini jioni, lakini kwenye fomu "10:40" husomwa na wengi kuwa asubuhi. Hapo umejiongezea saa sita ambazo hazikuwepo, na daktari anayehesabu saa 72 ataanzia pasipo. Tumia saa 24 kwenye kila kinachoandikwa: `16:40`.

Usiende peke yako. Msaidizi akusindikize, au amtafute wa kukusindikiza, akiwa amebeba karatasi yenye namba ya sampuli, saa, na maelezo ya sindano.

## Hatua ya 4: Kliniki – yatakayoulizwa na yatakayofanyika

Daktari anapima uwezekano wa maambukizi, na anahitaji ukweli kutoka kwako. Atataka kujua jeraha lilikuwa la kina gani, sindano ilikuwa na tundu au la, damu ilionekana juu yake au la, na sampuli ni nini hasa.

Sindano yenye tundu hubeba damu nyingi kuliko ncha isiyo na tundu. Jeraha la kina lina hatari kuliko mkwaruzo. Na kuhusu sampuli, usijifariji kwa kusema "ilikuwa kwenye friza". Ubaridi wa nyuzi 80 chini ya sifuri huhifadhi virusi, hauviui. Ndivyo watafiti wanavyovitunza kwa miaka. Sampuli iliyokaa kwenye fomalini ni habari nyingine, nayo iseme.

Kwa wastani, mtu aliyechomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU asiye kwenye matibabu ana uwezekano wa kuambukizwa wa takriban 3 kati ya 1,000 asipotumia dawa za kinga. Damu ikiruka machoni au mdomoni, ni karibu 1 kati ya 1,000. Homa ya ini B ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa asiyechanjwa: kati ya 6 na 30 kwa kila 100, kutegemea wingi wa virusi kwenye damu hiyo. Homa ya ini C iko chini ya 2 kati ya 100. Ndiyo maana kadi ya chanjo imetajwa mapema. Inaiondoa hatari kubwa kuliko zote mezani.

Mambo matatu yafanyike kabla hujatoka.

Damu yako ichukuliwe. Kipimo hiki cha mwanzo kinaonyesha hali yako siku ya ajali. Wengi hukikataa kwa woga, au kwa kudhani kinawatuhumu. Kwa kweli kinakulinda. Ukipata maambukizi baadaye na huna kipimo cha siku hiyo, hakuna wa kuthibitisha kwamba yalitoka maabara, na madai ya fidia au bima yatakwama hapo.

Dawa zianze, kama daktari ataona zinafaa, bila kusubiri majibu ya sampuli. Kozi ni ya siku 28, mara nyingi kidonge chenye tenofovia na lamivudini pamoja na dolutegravia. Sampuli ikithibitika haina VVU, daktari atazisimamisha. Kuanza kisha kuacha ni rahisi. Kurudisha saa zilizopita haiwezekani. Mwambie daktari kama una ugonjwa wa figo, una ujauzito, au unatumia dawa yoyote. Ujauzito hauzuii kinga hii, ila daktari lazima aujue. Taja hata vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kutuliza tumbo, kwa sababu vikinywewa pamoja na dolutegravia hupunguza kiasi kinachoingia mwilini.

Homa ya ini B ishughulikiwe. Asiye na chanjo huanza chanjo palepale, na kama damu ina virusi hivyo, au kuna shaka kubwa kwamba inavyo, hupewa pia sindano ya kingamwili, ikiwezekana ndani ya saa 24 na isizidi siku 7. Kwa homa ya ini C hakuna dawa ya kinga ya kumpa aliyejichoma. Kinachofanyika ni kufuatilia vipimo, na ugonjwa ukionekana hutibika kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12.

Utajua umehudumiwa sawa ukitoka na dozi ya kwanza ikiwa tumboni, tarehe ya kurudi ikiwa imeandikwa, na karatasi ya hospitali yenye saa uliyofika. Ukitoka na maneno "rudi Jumatatu umwone mtaalamu" bila dawa wala maelezo, uliza waziwazi: "Je, umeamua sihitaji PEP, au hamna dawa hapa?" Majibu hayo mawili yanakupeleka njia tofauti. La pili linamaanisha hospitali nyingine, usiku huohuo.

## Hatua ya 5: Mlolongo wa taarifa

Sasa ndiyo zamu ya chuo. Simu hizi anaweza kuzipiga msaidizi wakati wewe unahudumiwa.

Anaanza na msimamizi wa maabara au yeyote anayemkaimu. Huyu ana funguo, anajua sampuli zinakaa wapi, na anaweza kusimamisha kazi kwenye meza hiyo. Kwenye mfano wetu yuko safarini na simu haipokelewi. Basi msaidizi hamsubiri. Anaacha ujumbe mfupi, anapanda ngazi inayofuata.

Ngazi hiyo ni afisa wa usalama wa kibayolojia. Kazi yake ni kujua kilichokuwa ndani ya sampuli zaidi ya lebo inavyosema. Je, damu ilichanganywa na virusi vilivyobadilishwa vinasaba? Kuna kimelea kilichooteshwa? Damu ya kawaida na chupa ya vimelea vilivyokuzwa ni ajali mbili tofauti kabisa, na ya pili inaweza kuhitaji dawa nyingine, kutengwa, au taarifa kwa mamlaka nje ya chuo.

Kisha mtafiti mkuu wa mradi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye ufunguo wa kuunganisha M-0417 na mtu halisi. Kupitia kwake taarifa hufika kamati ya maadili ya utafiti iwapo damu ya mshiriki itapimwa kwa jambo ambalo hakuliridhia. Kupitia afisa wa usalama, taarifa hufika kamati ya usalama wa kibayolojia, ambayo ndiyo huchunguza chanzo. Mkuu wa idara hujulishwa, lakini hahitaji kujua majibu ya damu ya mtu yeyote.

Simu ni kwa ajili ya kasi, na haitoshi. Kila aliyepigiwa atumiwe pia ujumbe wa maandishi siku hiyohiyo, hata mstari mmoja, ili saa ya taarifa ibaki kwenye kumbukumbu:

"Saa 16:40 leo, tukio la kuchomwa na sindano, chumba cha kutayarishia sampuli. Aliyeumia yuko hospitalini. Sampuli M-0417 imehifadhiwa kwenye friji, isitupwe. Fomu itafuata kesho."

Jina la aliyeumia halimo. Ujumbe wa simu husambazwa, na ukishaingia kwenye kundi la maabara huwezi kuurudisha.

## Hatua ya 6: Jaza fomu ndani ya saa 24

Fomu nyingi zinazorudishwa hazirudishwi kwa kukosa sahihi. Zinarudishwa kwa sababu sehemu ya maelezo ina sentensi kama hii:

"Nilikuwa nafanya kazi nikajichoma kwa bahati mbaya kwa kutokuwa makini."

Sentensi hiyo haimsaidii daktari wala kamati. Haisemi sindano gani, damu ya nani, wala mkono upi. Neno "kutokuwa makini" ni hukumu, na umejihukumu mwenyewe kabla mtu hajauliza kwa nini damu ilikuwa inahamishwa kwa sindano wakati kuna vifaa visivyo na ncha. Linganisha na hii:

"Saa 16:40 nilikuwa nahamisha takriban mililita 3 za damu nzima kutoka bomba la sindano kwenda chupa ya M-0417 niliyoishika kwa mkono wa kushoto. Chupa iliteleza. Sindano yenye tundu, iliyokuwa na damu inayoonekana, ilipenya glavu moja na kuingia kidole cha shahada cha kushoto, kina cha milimita 3 hivi. Damu ilitoka. Niliosha kwa sabuni na maji saa 16:42. Meza haikuwa na kishikilia chupa. Nilifika hospitalini 17:35, dozi ya kwanza 18:20."

Andika ulichokiona na kilichofanyika, kwa mpangilio wa saa. Kama hujui kina cha jeraha, andika "sijui", usikisie. Eleza ulivaa nini: glavu moja au mbili, miwani, koti. Sentensi ya kishikilia chupa isikuponyoke, maana ndiyo pekee itakayobadilisha kitu kwenye chumba hicho.

Usiandike kwenye fomu hii majibu yako ya damu wala dawa unazotumia kwa magonjwa mengine. Hayo yanakaa kwenye faili la hospitali. Fomu ya ajali hupita mikononi mwa watu wengi wasio na kiapo cha siri.

Kaa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa au yenye namba ya kumbukumbu. Kama chuo kinatumia fomu ya mtandaoni, hifadhi ukurasa wa uthibitisho. Bila hivyo, baada ya miezi mitatu itakuwa neno lako dhidi ya kabati la mafaili.

## Hatua ya 7: Sampuli ipimwe, lakini si na rafiki yako

Hapa pana kishawishi kikubwa. Maabara ina vipimo vya haraka, sampuli iko kwenye friji, na mwenzako anajua kupima. Dakika 20 mngejua.

Msifanye hivyo. Jibu la kipimo kilichofanyika pembeni halina thamani kwa daktari, kwa kuwa hajui kama kilifanywa sawasawa. Pia mmeshapima damu ya mshiriki wa utafiti bila idhini, na mtu wa tatu anajua hali ya VVU ya mtu ambaye huenda anamfahamu. Utaratibu ni daktari kuomba, mtafiti mkuu kutoa sehemu ya sampuli yenye namba tu, maabara ya hospitali kupima, na jibu kurudi kwa daktari. Wewe utaambiwa kinachohusu matibabu yako.

Jibu la "hakuna" lisomwe pamoja na historia ya mwenye sampuli. Mtu aliyeambukizwa wiki chache tu zilizopita anaweza kuonekana hana, kwa sababu mwili wake haujatengeneza kinga inayotafutwa na kipimo. Ndiyo maana daktari anaweza kuamua uendelee na dawa hata jibu likiwa zuri.

## Hatua ya 8: Fuatilia hadi faili lifungwe

Vipimo vya VVU hurudiwa kwa kawaida baada ya wiki 6 na miezi 3 tangu ajali. Baadhi ya vituo huongeza cha mwezi wa 6. Kipimo cha kutafuta virusi vya homa ya ini C hufanyika kati ya wiki ya 3 na ya 6, kisha cha kingamwili kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Ziandike tarehe hizo kwenye kalenda ya simu siku hiyohiyo, na kengele yake.

Katika kipindi hicho usichangie damu, tumia kondomu, na kama unanyonyesha zungumza na daktari. Ukipata homa, tezi kuvimba, vipele au macho kuwa ya njano, usisubiri tarehe yako.

Dawa za siku 28 huwachosha wengine kwa kichefuchefu, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi, na wengi huziacha wiki ya pili kimyakimya. Kama zinakusumbua, rudi ubadilishiwe. Kuruka siku ni vibaya kuliko kulalamika.

Upande wa chuo, tarajia mambo mawili kutoka kwa afisa wa usalama: namba ya tukio, na maandishi yanayosema nini kimebadilishwa mezani. Kwenye mfano wetu, vishikilia chupa vilinunuliwa na uhamishaji wa damu kwa sindano ukasimamishwa. Kama wiki 4 zimepita bila maandishi yoyote, andika kwa kamati ya usalama wa kibayolojia ukitaja namba ya tukio na tarehe ya fomu. Huhitaji kueleza upya kilichotokea. Uliza tu hatua gani imechukuliwa, na nani anayeisimamia.